Kutafsiri Menyu ya Adisi Ababa kwa Msafiri Mwenye Mzio: Yaliyoandikwa, Yanayotarajiwa na ya Kuuliza Jikoni

Ikisiri

Makala haya yanachambua tafsiri ya menyu moja ya Kiamhari iliyopigwa picha Adisi Ababa kwa ajili ya msafiri mzungumzaji wa Kiswahili mwenye mzio wa karanga na wa maziwa. Yanaonyesha kwamba kisawe cha jina la chakula hakitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya habari inayomhusu mgonjwa haimo katika jina. Hoja kuu ni kwamba mfasiri hana budi kutenganisha mambo matatu: lile lililoandikwa, lile linalotarajiwa kutokana na mapishi ya kawaida, na lile ambalo jikoni pekee wanalijua. Makala yanaonyesha pia jinsi dhana ya mfungo inavyopunguza hatari moja na kuongeza nyingine, na jinsi majina yetu wenyewe ya jamii ya kunde yanavyoweza kumpoteza msomaji wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Tangu Februari 2022, Kiswahili kilipokubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, mjadala wa tafsiri baina ya Kiswahili na lugha nyingine za Adisi Ababa umejikita zaidi katika hotuba na nyaraka. Hata hivyo, mjumbe anayetoka ukumbini saa saba mchana hukabiliwa na matini nyingine isiyo na mfasiri rasmi, nayo ni menyu. Kwa mtu mwenye afya, kosa katika matini hiyo huishia kwenye sahani asiyoipenda. Kwa mwenye mzio mkali, kosa hilohilo laweza kuishia kwenye uvimbe wa koo, kushuka kwa shinikizo la damu na kukosa pumzi ndani ya dakika chache.

Mfano unaochambuliwa hapa ulitokana na picha niliyotumiwa kwa simu na mwenzangu aliyekuwa huko kikazi mwezi Machi. Yeye hali karanga wala maziwa. Karanga humletea mshtuko wa mzio, na protini ya maziwa humvimbisha midomo na kumtoa vipele. Lozi, korosho na jamii ya kunde kwa jumla hula bila shida. Maelezo hayo machache ni sehemu ya kazi ya tafsiri, kwa kuwa mfasiri asiyejua msomaji wake anaogopa nini hujikuta akionya juu ya kila kitu, na onyo la namna hiyo halimsaidii mtu kuchagua chakula.

2.0 Picha kama matini

Picha ya kwanza ilionyesha mistari saba ya vyakula na bei zake. Ilikuwa safi na herufi zilisomeka, lakini ilikatwa juu. Kilichokatwa ni kichwa cha safu, na katika menyu ya Kiethiopia kichwa cha safu mara nyingi hubeba habari kubwa kuliko jina la chakula. Menyu nyingi hugawa vyakula katika makundi mawili: vya yetsom, yaani vya mfungo, na vya yefisik, yaani vya siku zisizo za mfungo. Waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia hufunga karibu kila Jumatano na Ijumaa, isipokuwa katika siku hamsini zinazofuata Pasaka. Kabla ya Pasaka hufunga siku 55 mfululizo. Katika mfungo huo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Kwa hiyo shiro iliyoandikwa chini ya kichwa cha yetsom hupikwa kwa mafuta ya mimea. Shiro hiyohiyo chini ya kichwa cha pili yaweza kupikwa kwa kibe, yaani siagi au samli. Jina halibadiliki, bali kilichomo hubadilika.

Hatua ya kwanza, basi, haikuwa kufungua kamusi. Ilikuwa kumwomba mwenzangu apige tena ukurasa wote, pamoja na vichwa, maandishi madogo ya chini, na upande wa pili wa karatasi.

Tatizo la pili la picha linahusu hati. Maandishi ya Kiamhari huunganisha konsonanti na irabu katika alama moja, na irabu hutambulishwa kwa kikonyo kidogo au kwa mabadiliko ya mguu wa herufi. Mng'ao wa taa juu ya plastiki waweza kukifuta kikonyo hicho. Aidha, baadhi ya sauti zina herufi zaidi ya moja zinazotamkwa sawa siku hizi. Neno tsom lenyewe huandikwa kwa herufi mbili tofauti za sauti ya kwanza, na neno asa, yaani samaki, lina tahajia kadhaa. Mfasiri anayetafuta tahajia moja tu kamusini aweza kulikosa neno asilopaswa kulikosa. Njia salama ni kulitamka neno kwanza, kisha kulitafuta kwa tahajia zake zote zinazowezekana.

3.0 Rafiki wa uongo: lewz na lozi

Mstari wa mwisho wa ukurasa ulikuwa na kinywaji kiitwacho yelewz shai. Shai ni chai, na kiambishi ye- hufanya kazi inayokaribiana na ya kiunganishi chetu -a. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika "chai ya lozi". Mwenzangu alijibu mara moja kuwa lozi hazimdhuru, na kwamba angeagiza.

Nilikuwa nimekosea. Kiswahili na Kiamhari vyote vinafahamiana na neno la Kiarabu linalotaja lozi, ila matumizi yamefuata njia mbili. Katika Kiswahili, lozi ni ile kokwa ya mti inayotiwa katika halua na vitamutamu. Katika Kiamhari cha kila siku, lewz ni karanga, ambayo huitwa pia ocholoni. Kinywaji chenyewe hutengenezwa kwa karanga zilizosagwa hadi kuwa laini, zikakorogwa katika maji ya moto au chai, na kutiwa sukari. Kilichonistua si ladha ya shaka bali mantiki ya ukurasa: kinywaji kizito kilichopangwa upande wa mfungo lazima kiwe na kitu kinachochukua nafasi ya maziwa, nacho hakikuelekea kuwa lozi, ambazo ni ghali. Nilimwandikia tena kabla hajaagiza.

Kosa hili lina funzo la kimbinu. Kufanana kwa maneno baina ya lugha zilizokopa kutoka chanzo kimoja kumhesabiwe kuwa ishara ya kuhakiki, hasa pale neno linapotaja mojawapo ya visababishi vya mzio. Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa yelewz kibe. Tafsiri ya neno kwa neno ni "kibe ya karanga", nayo haina maziwa hata chembe. Ni siagi ya karanga. Msafiri aliyefundishwa kuogopa neno kibe peke yake ataiogopa kwa sababu isiyo sahihi, na mwenye mzio wa karanga asiyejua lewz hataiogopa kabisa.

4.0 Mfungo hulinda upande mmoja

Baada ya kupata ukurasa mzima, ilidhihirika kuwa vyakula vinne kati ya saba vilikuwa vya mfungo. Kwa mtu mwenye mzio wa maziwa hiyo ni habari njema, na washauri wengi wa wasafiri huishia hapo: agiza chakula cha yetsom. Ushauri huo ni wa kweli kwa kiasi, lakini una mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni kwamba mfungo ni sheria ya ibada, si kipimo cha usafi wa jikoni. Mkahawa unaopika vyakula vya aina zote mbili kwa siku moja waweza kutumia mwiko mmoja au kikaango kimoja. Zaidi ya hayo, mfungo haukatazi kila kitokanacho na mnyama kwa namna moja kila mahali. Mikahawa mingi huuza samaki katika siku za mfungo. Mwenye mzio wa samaki asidhani kuwa yetsom ni sawa na chakula cha mimea mitupu.

Mpaka wa pili unamgusa mwenzangu moja kwa moja. Jiko lililonyimwa maziwa na siagi hutafuta utamu na uzito kwingine, na huupata katika mbegu za mafuta. Suf, mbegu za jamii ya alizeti, husagwa na kuchujwa zikatoa maji meupe kama tui, ambayo hulowekwa vipande vya injera. Telba ni mbegu za kitani, selit ni ufuta, na lewz ni karanga. Hivyo neno lilelile linalompunguzia hatari ya maziwa humsogeza karibu na karanga na ufuta. Tafsiri inayosema tu "chakula cha mfungo, hakina maziwa" ni sahihi na bado inapotosha, kwa sababu msomaji huichukulia kuwa dhamana ya jumla.

5.0 Mistari ya menyu

Kwa kila mstari nilijiwekea utaratibu wa kuandika kwanza maelezo mafupi ya chakula, kisha kutaja lililoandikwa, linalotarajiwa na la kuuliza. Mistari ifuatayo inatosha kuonyesha utaratibu huo.

Yetsom beyaynetu. Hii ni sinia ya injera iliyowekewa michuzi na mboga za mfungo za aina mbalimbali, kila moja kwa fungu lake. Menyu ilisema mfungo na "aina mbalimbali", basi. Kwa kawaida hutarajiwa mchuzi wa adesi uitwao misir wot, njegere zilizopasuliwa na kutiwa manjano ziitwazo kik alicha, gomen ambayo ni jamaa ya sukuma wiki, kabichi, na kiasi cha shiro. Pengine huwamo azifa, yaani adesi baridi zilizokolezwa haradali. La kuuliza ni mafungu gani yamo leo, na kama mojawapo lina lewz au suf. Orodha ya mafungu hubadilika kwa siku, na hakuna tafsiri ya karatasi inayoweza kuimaliza.

Tegabino shiro. Huu ni mchuzi mzito wa unga wa dengu, au wa njegere au baƙela, uliochanganywa na viungo, unaoletwa mezani ukitokota katika chungu kidogo. Menyu ilisema shiro na kuiweka upande wa mfungo, kwa hiyo hutarajiwa mafuta badala ya kibe. Chini yake, upande wa pili, kulikuwa na bozena shiro. Anayeifahamu shiro huweza kudhani ni tofauti ya ladha tu. Bozena shiro hupikwa pamoja na vipande vya nyama, na kwa sababu si ya mfungo, hutarajiwa kuwa na kibe. Kwa mwenzangu, mistari hii miwili inayofanana kwa sura ilikuwa na hukumu mbili tofauti.

Doro wot na kitfo. Doro wot ni mchuzi mwekundu wa kuku wenye vitunguu vingi na yai zima la kuchemsha. Jina linataja kuku peke yake, ilhali yai hutarajiwa daima, na kibe pia. Kitfo ni nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa laini sana na kuchanganywa na kibe yenye viungo pamoja na pilipili ya mitmita. Huliwa mbichi, au vuguvugu, au ikiwa imeiva, kufuatana na agizo. Mara nyingi huandamana na ayib, jibini laini jeupe linalotokana na maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Neno maziwa halikuonekana popote katika mistari hii miwili.

Hapa yafaa kueleza kibe kwa uangalifu. Kibe ya kupikia ni samli iliyochemshwa na viungo. Samli huwa na sukari ya maziwa kidogo mno, na watu wengi wanaosumbuliwa na sukari hiyo huistahimili. Protini, hata hivyo, haiondoki yote, na protini ndiyo inayozusha mzio. Mfasiri akiandika "samli" bila maelezo, msomaji wa pwani aweza kusema samli si maziwa, naye atakuwa amefarijika bila msingi.

Yetsom firfir. Firfir ni injera iliyochanwa na kuchanganywa na mchuzi wa pilipili. Jambo la kujua hapa ni injera yenyewe. Teff, nafaka yake ya asili, haina gluteni inayowadhuru wagonjwa wa utumbo wasiovumilia ngano. Lakini mjini, kwa sababu ya bei, unga wa teff huchanganywa mara nyingi na ngano, shayiri, mtama au mchele. Isitoshe, unga huchachushwa kwa maji ya chachu yaliyobakizwa kutoka kanda la awali, kwa hiyo kanda la teff tupu laweza kurithi ngano ya jana. Jambo hili halikumhusu mwenzangu, lakini lingekuwa la kwanza kwa msomaji mwingine.

6.0 Orodha rasmi na majina yetu ya kunde

Mfasiri huhitaji kipimo cha kumwongoza. Kinachotumika sana ni orodha ya visababishi 14 iliyomo katika Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, yenye maziwa, mayai, karanga, ufuta, haradali, samaki na vinginevyo. Orodha hiyo inafaa kama ukumbusho, ila iliandaliwa kwa ajili ya soko lingine. Dengu, adesi na njegere hazimo, ilhali ndizo uti wa mgongo wa chakula cha mfungo. Uwatu, kwa Kiamhari abish, haumo pia, nao hutiwa mara kwa mara katika mchanganyiko wa pilipili uitwao berbere na katika kibe. Imeripotiwa na madaktari kuwa baadhi ya wenye mzio wa karanga huathiriwa pia na uwatu, kwa kuwa mimea hiyo ni ya jamii moja. Hii haimaanishi kila mwenye mzio wa karanga auepuke. Ina maana kwamba swali aulizwe daktari wake kabla ya safari, na mfasiri autaje uwatu kwa jina badala ya kuuficha ndani ya neno "viungo".

Ugumu mwingine uko upande wetu. Dengu katika masoko ya Tanzania ni ile punje ya unga wa bajia. Nchini Kenya, ndengu ni punje ndogo ya kijani ambayo wengine huiita choroko au pojo. Adesi za pwani huitwa kamande kwingineko, na njegere huitwa minji. Msomaji wa Nairobi mwenye mzio wa dengu za bajia, akisoma "mchuzi wa dengu", aweza kuona punje za kijani akilini mwake na kuila shiro kwa amani. Hadi istilahi hizi zitakaposanifiwa kwa ukanda mzima, ninapendekeza kila jina la jamii ya kunde liambatane na maelezo ya umbo au matumizi: "dengu za unga wa bajia", "njegere zilizopasuliwa", "adesi nyekundu". Maneno mawili ya ziada hayaiharibu tafsiri.

7.0 Swali linaloulizwa jikoni

Mambo ya kundi la tatu hayafasiriki; huulizwa. Kwa hiyo tafsiri kamili ya menyu huwa na ukurasa mmoja wa nyongeza, wenye maswali katika lugha ya mwenyeji. Nilimwandikia mwenzangu maswali mawili: Lewz alew? yaani "kina karanga?" na Kibe alew? yaani "kina kibe?" Nilimwandikia pia jina ocholoni, ili mhudumu asiyelielewa neno la kwanza alielewe la pili.

Palihitajika uangalifu zaidi katika kauli ya kujieleza. Kusema albelam, "sili", katika mji wenye desturi kubwa ya mfungo, huweza kueleweka kuwa ni suala la ibada au la hiari. Mhudumu mwema ataondoa kibe ya juu na kuona ametimiza ombi. Kwa hiyo nilichagua kauli inayotaja ugonjwa: Lewz kebelahu yamenyal, "nikila karanga naugua". Tofauti ya kitenzi ndiyo inayombadilisha mpishi kutoka kuheshimu desturi hadi kulinda uhai.

Mwenzangu alikula tegabino shiro na gomen baada ya mhudumu kwenda jikoni na kurudi na jibu. Chai ya lewz hakuiagiza.

8.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kuwa menyu ni matini yenye ukimya mwingi, na kwamba mfasiri hupimwa zaidi kwa jinsi anavyoushughulikia ukimya huo. Maneno "hakina maziwa" na "kwa kawaida hakipikwi kwa maziwa" yana uzito tofauti kabisa kwa mgonjwa, na mfasiri hana haki ya kuandika la kwanza pale anapojua la pili tu. Kwa wanaoandaa miongozo ya wajumbe wanaozungumza Kiswahili, mapendekezo ni mawili. Mosi, miongozo hiyo iwe na karatasi ya visababishi vya mzio kwa Kiswahili na Kiamhari, yenye majina yote mbadala ya karanga, maziwa, mayai, ufuta, samaki, ngano na jamii ya kunde, pamoja na kauli ya ugonjwa iliyohakikiwa na mzawa wa lugha. Pili, vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili katika nchi zetu viyaoanishe majina ya kunde kabla ya kazi hiyo kuanza, kwa sababu karatasi itakayosema "dengu" kwa wasomaji wa nchi mbili itakuwa imesema vitu viwili.